Kifungu cha kukataa mzigo ndicho kinachopanga bei

Mkulima akiniletea mkataba wa mauzo ya mazao niupitie, huniuliza kwanza kuhusu bei. Mimi hutafuta kifungu cha kukataa mzigo. Bei ya kilo ikiwa nzuri lakini mnunuzi anaweza kukataa kwa kusema tu "haufai", bei hiyo haijamfunga.

Chukua nyanya: kreti 100 za kilo 20, yaani kilo 2,000. Mkataba unasema daraja la kwanza ni nyanya ngumu, isiyopasuka, yenye kipenyo cha milimita 50 kwenda juu, na dosari zinavumiliwa hadi asilimia 10 ya uzito. Zinachaguliwa kreti tano, za juu, za katikati na za chini kabisa, kwa sababu wapakiaji wanajua kupamba za juu. Katika kilo 100 hizo, 14 zina dosari. Sasa itakuwaje?

Mkataba ukinyamaza hapo, mnunuzi atajitafutia jibu. Anaweza kurudisha mzigo wote, au kuushusha wote daraja la pili. Daraja la pili likilipwa nusu, mkulima anapata malipo ya kilo 1,000 za daraja la kwanza. Mimi huandika hivi: dosari zikizidi asilimia 10 lakini zisipite 25, mzigo unalipwa kwa mgawanyo wa sampuli. Kilo 1,720 zinalipwa bei kamili, na 280 nusu bei. Hayo ni malipo ya kilo 1,860. Zikipita 25, ndipo mnunuzi anaruhusiwa kukataa wote.

Mahali pa ukaguzi pana uzito uleule. Nyanya iliyopondeka njiani kwenye gari la mnunuzi haikuharibikia shambani, kwa hiyo ukaguzi ufanyike wakati wa kupakia, pande zote mbili zikiwepo, na fomu isainiwe hapohapo. Mnunuzi akisisitiza kukagua ghalani kwake, basi apewe saa chache tu za kutoa taarifa ya maandishi yenye sababu na picha. Zikipita kimya, mzigo umepokelewa. Kasoro iliyojificha ndani inahitaji muda wake pekee.

Mnunuzi naye ana hoja: hawezi kulipia asichoweza kuuza. Ni kweli, ila angalia siku anazokataa. Bei ikifungwa mwanzoni mwa msimu, kisha soko likashuka, ghafla nyanya zilezile zinakuwa "laini mno". Weka daftari lenye tarehe, kilo zilizokataliwa na bei ya soko siku hiyo. Kilo zilizokataliwa zikipanda kila bei ya soko inaposhuka, wiki baada ya wiki, anachokikimbia ni bei. Bei inayofuata soko hupunguza kishawishi hicho, mradi mkataba utaje soko lipi, siku ipi, na bei ya chini ambayo haishukiwi.

Mwisho, mzigo uliokataliwa ni wa mkulima. Andika kwamba anaruhusiwa kuuza kwingine siku hiyohiyo, hata kama mkataba unamtaka amuuzie mnunuzi mmoja tu. Nyanya haisubiri barua ya ruhusa.