Je, wajua kwa nini wiki ya sikukuu haipimwi kwa wiki iliyoitangulia?

*"Wiki ya sikukuu tumepata oda 1,740. Wiki ya kabla yake zilikuwa 1,380, na wiki ya sikukuu hiyohiyo mwaka jana zilikuwa 1,350. Je, ni tangazo letu lililofanya kazi au ni sikukuu tu? Tunalinganishaje kwa haki?"*

Ukiweka 1,740 kando ya 1,380 unapata ongezeko la asilimia 26, na kando ya 1,350 unapata asilimia 29. Namba zote mbili zinapendeza na zote mbili zinapotosha. Wiki ya kabla ya sikukuu nayo imeshaguswa na sikukuu, maana watu wameanza kununua mapema. Na mwaka jana duka lenyewe huenda lilikuwa dogo zaidi, kwa hiyo sehemu ya lile ongezeko ni ukuaji wa mwaka mzima. Kinachofaa kulinganishwa ni uwiano: mwaka huu sikukuu ilipandisha oda mara ngapi juu ya wiki ya kawaida ya mwaka huu, na mwaka jana ilipandisha mara ngapi juu ya wiki ya kawaida ya mwaka jana.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuipata hiyo wiki ya kawaida. Wiki yenye sikukuu ipe namba 0, kisha hesabu kwenda mbele na kurudi nyuma. Ziruke wiki ya −1 na ya +1, kwa sababu ya kwanza huvimba kwa manunuzi ya maandalizi na ya pili hunywea baada ya watu kujaza mahitaji yao. Chukua wiki za −4, −3 na −2, pamoja na +2, +3 na +4. Zipange hizo sita kutoka ndogo hadi kubwa, kisha tafuta namba ya katikati. Zikiwa sita, ni nusu ya jumla ya ile ya tatu na ya nne. Huo ndio msingi wako. Namba ya katikati inafaa kuliko wastani kwa sababu wiki moja ya ajabu, mfano siku mbili za mtandao kukatika, huuvuta wastani chini lakini haiisogezi sana namba ya katikati.

Tuseme wiki hizo sita mwaka huu zilileta oda 1,180, 1,210, 1,190, 1,200, 1,230 na 1,200. Msingi ni 1,200. Mwaka jana, kwa njia hiyohiyo, tuseme msingi ulikuwa 900. Sasa zigawe wiki tatu za sikukuu kwa msingi wa mwaka wake:

| Wiki | Oda mwaka jana | Uwiano | Oda mwaka huu | Uwiano |
|---|---|---|---|---|
| −1 | 945 | 1.05 | 1,380 | 1.15 |
| 0 | 1,350 | 1.50 | 1,740 | 1.45 |
| +1 | 855 | 0.95 | 960 | 0.80 |
| Jumla | 3,150 | 3.50 | 4,080 | 3.40 |

Kwenye lahajedwali, wiki za −4 hadi +4 zikikaa mistari ya 2 hadi 10 na oda zikiwa safu ya B, fomula mbili zinatosha. Ya kwanza iandike kwenye E1:

```
=MEDIAN(B2:B4,B8:B10)
=B6/$E$1
```

Sasa soma jedwali. Wiki za kawaida zimekua kutoka 900 hadi 1,200, yaani theluthi moja. Wiki ya sikukuu imekua kwa asilimia 29 tu, hivyo imebaki nyuma kidogo ya duka lenyewe. Kama sikukuu ingepandisha oda kwa nguvu ileile ya mwaka jana, tungetarajia 1,200 × 1.50, yaani oda 1,800. Zimekuja 1,740, pungufu 60.

Lakini usiishie kwenye wiki ya 0, kwa sababu jambo kubwa zaidi liko pembeni yake. Wiki ya −1 tungetarajia oda 1,260 na zimekuja 1,380: zimezidi 120. Wiki ya +1 tungetarajia 1,140 na zimekuja 960: zimepungua 180. Jumlisha zote tatu, zimezidi 120, zimepungua 60, zimepungua 180, na unabaki na upungufu wa oda 120. Ukitazama tarehe ukakuta tangazo na punguzo vilianza wiki ya −1, umbo hili linajulikana: punguzo limewahisha wateja ambao wangenunua vilevile siku chache baadaye. Duka limewauzia watu walewale, mapema, kwa bei ya chini. Mtu aliyetazama wiki ya −1 peke yake angesherehekea, na aliyetazama wiki ya +1 peke yake angeitisha kikao cha dharura. Ndiyo maana kipimo cha sikukuu kinapaswa kufunika wiki tatu, na ndiyo namba ambayo ningeipeleka kwa wakubwa: mwaka jana wiki tatu za sikukuu zilileta oda za wiki 3.5 za kawaida, mwaka huu za wiki 3.4.

Je, tofauti ya 3.5 na 3.4 ni kubwa kiasi cha kulaumu mtu? Kwa mwaka mmoja wa nyuma peke yake, hapana. Ukiwa na miaka mitatu, kokotoa uwiano wa kila mwaka. Ikiwa ni 3.36, 3.50 na 3.43, basi 3.40 ya mwaka huu imekaa ndani ya kawaida yake, na jibu la kweli ni kwamba hakuna dalili ya tangazo kuongeza oda, wala hakuna ushahidi wa kutosha kwamba limeharibu. Nashauri uandike hivyohivyo kwenye ripoti, hata kama aliyeagiza tangazo alitaka kusikia neno lingine.

Hesabu yote hii inasimama juu ya jambo moja linaloharibika kirahisi: kuipata wiki ya 0 yenyewe. Ripoti nyingi za mauzo hulinganisha wiki kwa namba yake katika mwaka. Pasaka ya mwaka 2024 ilikuwa tarehe 31 Machi, wiki ya 13, na ya mwaka 2025 ilikuwa tarehe 20 Aprili, wiki ya 16. Ripoti inayoweka wiki ya 16 kando ya wiki ya 16 italinganisha sikukuu na siku za kawaida, halafu wiki ya 13 itaonyesha anguko ambalo halikutokea. Idi el-Fitri nayo hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka katika kalenda ya Januari hadi Desemba, kwa hiyo baada ya miaka mitatu imeshasogea mwezi mzima. Ukiona ripoti ya mwaka kwa mwaka yenye kilima upande mmoja na shimo upande mwingine, wiki chache tu kati yake, angalia kalenda kabla hujaangalia wauzaji.

Sikukuu zenye tarehe ya kudumu zina mtego wake. Tarehe 25 Desemba ilikuwa Jumatatu mwaka 2023, Jumatano mwaka 2024 na Alhamisi mwaka 2025. Kama wiki yako huanza Jumatatu, basi mwaka 2023 "wiki ya Krismasi" haikuwa na hata siku moja ya maandalizi. Manunuzi yote yalikuwa wiki ya nyuma yake. Dawa yake ni kuiacha wiki ya kalenda na kukata vipande vya siku saba kwa kuhesabu kutoka kwenye sikukuu yenyewe, mfano tarehe 18 hadi 24 Desemba kila mwaka. Kipande cha siku saba mfululizo huwa na Jumatatu moja, Ijumaa moja na Jumapili moja, hata kikianza siku gani, kwa hiyo tofauti ya siku za wiki haiingii kwenye hesabu. Vipande vya msingi navyo vikate kwa kurudi na kwenda mbele kwa siku saba saba kutoka hapohapo. Kikiwemo kimoja chenye sikukuu nyingine ambayo wateja wako huiadhimisha, kiondoe na uchukue kinachofuata: mwaka 2024 Pasaka na Idi el-Fitri zilipishana kwa takriban siku kumi tu, na duka lenye wateja wa pande zote mbili lisingeweza kuiita wiki ya Idi "ya kawaida".

Kisha hakikisha oda inahesabiwa siku mteja alipoiweka. Mifumo mingine huiandika oda siku iliposhughulikiwa. Ghala likifungwa siku mbili, oda za siku hizo zinahamia kwenye kipande kinachofuata, na wiki ya +1 inaonekana nene bila sababu. Unalitambua hili kwa kutazama siku moja moja: sifuri siku za kufungwa, kisha mlima siku ya kufungua. Kama mteja mwenyewe hakuweza kuagiza siku hizo, usigawe tu kwa idadi ya siku ulizofungua. Siku hazilingani. Tafuta kwanza katika wiki za kawaida siku hiyo huchangia sehemu gani. Ikiwa Jumapili huleta asilimia 8 ya oda za wiki na mlifunga Jumapili, gawa oda za wiki kwa 0.92. Kuzigawa kwa 6 na kuzidisha kwa 7 kungekuongezea asilimia 17 ambapo ulistahili takriban 9.

Na kama bidhaa ziliisha kabla ya sikukuu, uwiano unapima shehena uliyokuwa nayo, si hamu ya wateja. Zihesabu kando bidhaa zilizokuwepo siku zote saba katika miaka yote miwili, na ulinganishe hizo tu.

Limebaki suala la haraka. Jumatatu baada ya sikukuu watu wanataka jibu, na wiki za +2 hadi +4 bado hazijafika. Toa jibu la muda kwa msingi wa wiki tatu za nyuma tu, lakini ukokotoe upya na wa mwaka jana kwa wiki tatu za nyuma vilevile. Duka linalokua kwa asilimia 2 kila wiki lina msingi wa nyuma ulio wiki tatu kabla ya sikukuu, kwa hiyo uwiano wake unavimba kwa takriban asilimia 6 bila sikukuu kufanya lolote. Ukiweka uwiano huo uliovimba kando ya ule wa mwaka jana wa wiki sita, ushindi utakaouona ni wa hesabu tu. Andika "ya muda" juu ya namba hiyo, na uirudie wiki ya +4 itakapofungwa, wakati ambapo pia oda nyingi zilizoghairiwa na mizigo iliyorudishwa zitakuwa zimeshaonekana.