Kuigeuza Tasnifu Kuwa EPUB Bila Kupoteza Vichwa, Tanbihi na Ramani

Tasnifu nyingi zinazofika maktabani hukabidhiwa zikiwa PDF, na PDF imeshikilia umbo la karatasi ya A4. Ukiifungua kwenye simu herufi ni ndogo. Ukizikuza, mstari unatoka nje ya skrini na unalazimika kuuburuta kushoto na kulia hadi uchoke. Faili la EPUB halina kurasa za namna hiyo. Ndani yake kuna mafaili ya maandishi kama yale ya tovuti, yamebanwa pamoja, na maneno hujipanga upya kufuata upana wa skrini na ukubwa wa herufi anaoutaka msomaji. Ugeuzaji wenyewe ni suala la sekunde chache. Muda unakwenda kwenye kuiandaa hati ya Word, na ukiiruka hatua hiyo utapata kitabu kinachofunguka vizuri lakini hakisomeki.

Tuchukue mfano wa tasnifu ya uzamili kuhusu majina ya mahali kisiwani Pemba: sura tano, tanbihi zipatazo sitini zinazoeleza maneno ya wenyeji, na ramani moja inayoonyesha Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani pamoja na vijiji vyake.

Jambo la kwanza ni kuanzia kwenye faili la Word, si kwenye PDF. Programu kama Calibre inakubali kugeuza PDF kuwa EPUB, na watu wengi huishia hapo kwa sababu ndiyo njia fupi. Lakini PDF kwa kawaida haimwambii mgeuzaji aya inaishia wapi. Kwa hiyo namba ya ukurasa na kichwa kinachojirudia juu ya kila ukurasa huingia katikati ya sentensi: "wakazi wa Mkoani 57 SURA YA TATU huliita eneo hilo". Tanbihi nazo, ambazo kwenye karatasi zilikaa chini, hujikuta zimechomekwa kati ya nusu mbili za aya moja. Kusafisha vurugu hiyo ni kazi ngumu kuliko kuanza upya. Kama faili la Word limepotea, heri kumtafuta mwandishi kwanza.

Sasa vichwa. Mwandishi akiandika kichwa kwa herufi nzito, kubwa, katikati ya mstari, jicho linakitambua. Kompyuta haikitambui, kwake hiyo ni aya ya kawaida yenye herufi nzito. Inachokijua ni mtindo uliowekwa kwenye menyu ya Word: `Heading 1` kwa sura, `Heading 2` kwa sehemu kama 1.1, `Heading 3` kwa sehemu ndogo zaidi. Kipimo chake ni rahisi. Fungua menyu ya `View`, weka alama kwenye `Navigation Pane`, na upande wa kushoto utaona orodha ya vichwa ambavyo Word inavitambua. Kama orodha ni tupu, au ina sura mbili tu kati ya tano, umeshajua kazi iliyo mbele yako: bofya kila kichwa na ukipe mtindo wake.

Kuna mtego mmoja unaozinasa tasnifu zetu hasa. Desturi ni kuandika "SURA YA KWANZA" kwenye mstari wake, kubonyeza `Enter`, kisha kuandika "UTANGULIZI" mstari wa chini. Mistari yote miwili ikipewa `Heading 1`, EPUB itakuwa na sura kumi badala ya tano, na tano kati ya hizo zitakuwa kurasa tupu zenye maneno "SURA YA KWANZA" peke yake. Viunganishe viwe kichwa kimoja: "Sura ya Kwanza: Utangulizi". Ukihofia kwamba utakiuka mwongozo wa chuo, kumbuka unafanya hivyo kwenye nakala ya kugeuzia tu. Katika nakala hiyohiyo futa orodha ya yaliyomo iliyotengenezwa na Word pamoja na orodha za ramani na majedwali, maana zimejaa namba za kurasa ambazo hazitakuwepo tena. Yaliyomo mapya yatajengwa kutokana na vichwa, na kila mstari wake utabofyeka.

Namba za sehemu nazo ziangaliwe. Kama 1.1 na 1.2 zimechapwa kwa mkono, zitabaki. Kama Word ndiyo inayozileta yenyewe, hazimo ndani ya maandishi na zinaweza kupotea katika kugeuza.

Tanbihi ndizo zinazofaidika zaidi na EPUB, na ndizo zinazoharibika kirahisi zaidi. Ikifanyika vizuri, msomaji anagusa namba ndogo na maelezo yanajitokeza kwenye kidirisha juu ya ukurasa, anayasoma, anakifunga, anaendelea. Si programu zote zinazofanya hivyo. Nyingine humpeleka msomaji mwisho wa sura na kumpa kiungo cha kumrudisha alipokuwa. Zote mbili zinafaa. Lakini sharti tanbihi iwe ya kweli, yaani iliyowekwa kwa `Insert Footnote` kwenye menyu ya `References`. Bofya mara mbili namba ya tanbihi ndani ya Word. Ikikupeleka kwenye maelezo yake, ni ya kweli. Isipokupeleka popote, mwandishi aliandika tarakimu, akaipandisha juu ya mstari, kisha akachapa maelezo chini ya ukurasa kwa mkono. Hapo hakuna njia ya mkato: nenda kwenye kila namba, weka tanbihi halisi, hamishia maelezo humo, futa ile ya zamani. Kwa tanbihi sitini, tenga mchana mzima.

Ukiwa huko, soma maneno ya tanbihi zenyewe. Tanbihi inayosema "Kama hapo juu" ilieleweka kwenye karatasi kwa sababu iliyotangulia ilikuwa sentimita moja juu yake. Kwenye kidirisha cha simu hakuna kitu hapo juu. Iandike upya kwa jina la mwandishi na mwaka. Vivyo hivyo "tazama tanbihi ya 47": kila sura inakuwa faili lake, kwa hiyo tarajia namba zianze upya kwenye moja kila sura inapoanza. Na "tazama ukurasa wa 87" iwe "tazama sehemu ya 4.2".

Tukija kwenye ramani, usiitoe ndani ya Word kama una faili la asili. Word kwa kawaida hupunguza ubora wa picha inapohifadhi hati, na majina ya vijiji ndiyo huwa ya kwanza kufifia. Rudi kwenye programu iliyochora ramani, itoe kama PNG au SVG, kisha iingize upya. JPEG iachie picha za kamera, maana huweka ukungu pembeni mwa herufi na mistari myembamba. Epuka EMF na WMF, ambazo Word inazionyesha vizuri ila programu za kusomea EPUB haziwajibiki kuzionyesha. Grafu zilizochorwa ndani ya Word kwenyewe zibadilishe kuwa picha kabla ya kugeuza, la sivyo zitatoweka.

Hata hivyo ramani safi ya Pemba nzima bado itabanwa kwenye skrini ya upana wa sentimita saba. Mimi ningeigawa mara mbili, kaskazini na kusini, na kuziacha kubwa, kuliko kumwachia msomaji picha moja anayopaswa kuikisia. Kisha bofya kila picha kwa kitufe cha kulia, chagua sehemu ya `Alt Text`, na uandike sentensi moja au mbili za kueleza kinachoonekana. Asiyeona husomewa maneno hayo. "Ramani 2" si maelezo. "Ramani ya Pemba kusini ikionyesha vijiji vinane vilivyotafitiwa, vingi vikiwa pwani ya magharibi" ni maelezo. Jedwali nalo libaki jedwali la Word. Ukilipiga picha halitakuzwa pamoja na herufi wala kusomwa kwa sauti.

Kwa kugeuza tunatumia Pandoc, programu ya bure inayofanya kazi kwa amri. Kabla ya hapo tengeneza faili dogo liitwalo `mwonekano.css`:

```css
img { max-width: 100%; height: auto !important; }
a.footnote-ref { vertical-align: super; font-size: 0.75em; }
```

Mstari wa kwanza una sababu yake. Pandoc hubeba vipimo vya picha kutoka Word, mathalani upana wa inchi 6 na urefu wa inchi 8. Simu inapoupunguza upana huku urefu ukibaki palepale, kisiwa kinavutwa kwenda juu mpaka Pemba inakuwa nyembamba kama kijiti. Amri hiyo inaulazimisha urefu ufuate upana. Mstari wa pili unaziweka namba za tanbihi juu kidogo ya neno, zisionekane kama sehemu ya neno lenyewe. Halafu fungua dirisha la amri la kompyuta ndani ya folda yenye mafaili hayo, na uandike yote kwenye mstari mmoja:

```
pandoc tasnifu.docx -o tasnifu.epub --toc --toc-depth=2 --css=mwonekano.css --metadata lang=sw --metadata title="Majina ya Mahali Pemba"
```

Usiiache `lang=sw`. Ndiyo inayoiambia programu ya kusoma kwa sauti kwamba haya ni maneno ya Kiswahili, isije ikayasoma kwa matamshi ya Kiingereza. Kama namba za sehemu zilikuwa za Word, ongeza `--number-sections`, kisha hakikisha Ikisiri na Shukrani hazikupewa namba ya sura.

Ukipata faili, usilikague kwenye kompyuta peke yake. Lifungue kwenye simu, ongeza herufi hadi ukubwa wa mwisho, kisha gusa tanbihi kadhaa katika kila sura na uone kama unarudi ulipotoka. Ukishuku kitu, tengeneza nakala, badilisha `.epub` iwe `.zip`, na uifungue: kwenye folda ya `EPUB/text` utakuta sura moja moja. Kichwa kilichokaa sawa kimezungukwa na `<h1>` au `<h2>`. Kilichokosewa kimezungukwa na `<p><strong>`, na dawa yake iko kwenye Word, si humo. Rekebisha, geuza tena. Mwisho pitisha faili kwenye EPUBCheck, programu ya bure inayotaja makosa ya muundo pamoja na faili na mstari yalipo. Haitakwambia kwamba maelezo ya ramani ni mabovu. Inaangalia ujenzi tu.

Nakala rasmi inayohifadhiwa na chuo ibaki PDF, kwa kuwa watafiti wengine watainukuu kwa namba ya ukurasa. Mwanzoni mwa EPUB, kabla ya Ikisiri, weka aya fupi inayosema hivyo, yenye kiungo cha PDF hiyo, na inayomwomba anayenukuu kutoka EPUB ataje namba ya sehemu, kama 3.4, badala ya ukurasa.