Tasbihi mkononi mwa mlanguzi

Nimehariri vibonzo kwa miaka mingi, na kilichonifundisha zaidi ni kile nilichokipitisha bila kufikiri. Mlanguzi wa nafaka amekaa juu ya magunia, kidole gumba kinasukuma punje za tasbihi, naye anahesabu: "Elfu tisini na saba, elfu tisini na nane..." Nilicheka, nikakipitisha. Barua zilizofuata hazikumtetea mlanguzi hata moja. Msomaji mmoja aliandika kwamba tasbihi anayoivuta kila baada ya sala aliachiwa na marehemu baba yake, na tangu aone mchoro ule, akiishika anaona magunia.

Mchoraji alinishangaa kuona nimeguswa. Yeye alitaka kuonyesha unafiki, basi. Na kweli mnafiki ni halali ya mzaha. Waumini wenyewe humcheka kuliko mtu yeyote. Lakini kibonzo hakina nafasi ya kueleza. Msomaji hukitazama kwa sekunde chache, kwa hiyo mchoraji hutegemea alama zinazosomeka upesi: kofia, ndevu, msalaba shingoni, hilali juu ya paa. Alama ya namna hiyo haisemi "huyu bwana", inasema "hawa". Mlanguzi wetu hakuwa na jina wala sura ya mtu anayejulikana. Kitu pekee kilichomtambulisha kilikuwa tasbihi, na kila mwenye tasbihi akajiona ameketi juu ya magunia yale.

Siku hizi, kabla ya kupitisha kibonzo, naiziba alama kwa kidole nione kinachobaki. Nilipoiziba tasbihi ile, mlanguzi alibaki mlanguzi: magunia yapo, hesabu ipo, tamaa iko usoni. Kilichoondoka ni dini yake tu. Maana yake tasbihi haikuwa na kazi nyingine pale ila kutaja dini hiyo.

Tasbihi ina uzito wake wa peke yake. Msalaba na hilali huonekana juu ya majengo, mbali kidogo na mtu. Tasbihi na rozari hukaa kiganjani. Mwenye kuvuta uradi hurudia "Subhanallah" mara 33, kisha "Alhamdulillahi" mara 33, kisha "Allahu Akbar". Rozari ya mafungu matano ina punje 53 za Salamu Maria na 6 za Baba Yetu. Vidole huzizoea punje hata gizani, hata kwenye msiba. Anayezigeuza kuwa kikokotoo cha faida anadhani amechora ushanga, kumbe amechora mkono wa mama wa mtu.

Kuhusu hilali huwa naletewa hoja ya kisomi: si amri ya dini, ilienea zaidi kwa bendera za Waturuki wa Osmani, basi mtu anaudhikia nini? Historia hiyo ni sahihi, lakini haijibu lolote. Aliyeumia hakuumia kwa ajili ya umbo la mwezi. Ameona alama anayojulikana nayo imebandikwa kwenye upumbavu.

Mchezo huu ni wa kale. Mwaka 1857, kwenye kilima cha Palatino mjini Roma, ulipatikana mchoro uliokwaruzwa ukutani, ambao wengi huuweka karibu na mwaka 200. Mtu mwenye kichwa cha punda ametundikwa msalabani, na chini yake kijana ameinua mkono. Maneno ya Kigiriki yanasema: Aleksamenos anamwabudu mungu wake. Ni miongoni mwa picha za kale kabisa za kusulubiwa tulizo nazo, na ni dhihaka. Angalia jina lililoandikwa: la Aleksamenos, si la aliyetundikwa. Aliyekwaruza ukuta alijua anamlenga nani.

Kidole changu hakimalizi kila kesi. Kuna kibonzo cha mhubiri aliyekula sadaka. Nilipouziba msalaba kifuani mwake, utani ulikufa. Akabaki mwizi wa kawaida, wakati jambo lenyewe ni amana aliyoivunja. Pale alama ilikuwa na kazi. Tatizo lilikuwa mahali uchafu ulipowekwa: mchoraji alikuwa ameuchora msalaba mkubwa kuliko mtu, noti zinaning'inia kwenye mikono yake kama nguo kwenye kamba. Ukitazama, mwizi ni msalaba. Tulibishana sana. Mwishowe msalaba ukarudi kifuani, mdogo, umenyooka, na noti zikahamia mfukoni mwa kanzu, mfuko umefumuka mshono.

Bado zilikuja barua mbili za kulalamika. Moja ilitoka kwa mhubiri, nami sikuijibu.