Kikaango chenye kutu hakiponi kwa mafuta mengi

Nimeletewa tena kikaango cha chuma cha kusubu ambacho mwenyewe alikisugua kutu vizuri kabisa, kisha akakiharibu kwa kukimwagia mafuta kabla ya kukioka, akiamini kwamba mafuta yakizidi ndipo utando wa kukinga chuma unapokuwa imara. Kilikuwa na michirizi ya rangi ya asali iliyonata vidoleni, na yai la kwanza liling'ang'ania papo hapo.

Chuma hakinywi mafuta kama chungu cha udongo. Mafuta yakipata joto kali na hewa, molekuli zake huungana na kuwa utando mkavu unaoshika juu ya chuma. Tabaka likiwa nene, sehemu ya juu hukauka mapema na ile ya chini hubaki ute, ndiyo maana hunata na baadaye kubanduka vipande vipande.

Kikaango hicho nilikisugua upya kwa stilwaya, maji ya moto na sabuni hadi kikawa cha kijivu, nikakikausha motoni mara moja, kwa kuwa chuma kitupu chenye unyevu huanza kutu ndani ya dakika chache. Kikiwa bado na joto, nilikipaka nusu kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti ndani, nje na mpinini, kisha nikayafuta yote kwa kitambaa kikavu kana kwamba nilikuwa nimeyapaka kwa bahati mbaya. Hapo ndipo watu wanaponibishia, ingawa mafuta yanayobaki baada ya kufuta ndiyo yanayotosha. Nilikifudikiza katika oveni yenye nyuzijoto 230 kwa saa moja, nikakiacha kipoe humo humo, na kazi hiyo nikairudia mara tatu. Utando ulioiva huwa mkavu ukiugusa. Ukinata, kirudishe ovenini bila kuongeza hata tone.

Wengine husema kikaango chenye uso wa vinundu ni kibovu na lazima kisagwe kwa mashine. Vinundu hivyo ni alama ya mchanga wa kalibu, na mapishi ya mara kwa mara huvifunika polepole. Mashimo yaliyochimbwa na kutu ni jambo jingine; yakiwa madogo hayana neno, lakini ufa hauzibiki kwa mafuta.

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo haiondoi utando ulioiva, kwa hiyo itumie bila hofu. Cha kuogopa ni kuloweka kikaango chenye kutu katika siki usiku kucha: ikishamaliza kutu huanza kula chuma chenyewe. Mimi huichanganya na maji nusu kwa nusu, nakagua kila baada ya nusu saa, na hukitoa kikaango mara kutu inapolegea, hata kama madoa machache yamebaki ya kumaliziwa kwa stilwaya.