Kwa nini polinomia 7 ina digrii sifuri halafu polinomia 0 haina digrii kabisa

Swali hili madogo wa fomu faivu hapa Kigoma wananiletea kila mwaka, na wanalileta kwa ujanja: "Tichaa, si umesema 7 ni 7x^0, ndo maana digrii yake sifuri? Sasa 0 si ni 0x^0? Inakosaje digrii?"

Sawa, ila angalia digrii tunaisomaje. Unatafuta kipeo kikubwa cha x ambacho namba iliyo mbele yake sio sifuri. Kwenye 7 kipo kimoja tu, x^0, mbele yake kuna 7, umemaliza. Kwenye 0 hakuna hata kimoja, maana 0 unaweza kuiandika 0x^0 au 0x^5 au 0x^100, zote zile zile. Ni kama uende soko la samaki Kibirizi kwenye beseni tupu ukaulizwa mgebuka mrefu kuliko wote una sentimita ngapi, ukijibu "sifuri" umeshasema kuna samaki humo.

Kuna atakayesema basi tukubaliane tu iwe sifuri, inamuuma nani? Inauma kwenye kuzidisha. Ukizidisha polinomia mbili digrii zinajumlishwa: (x + 3)(x^2 + 1) inatoa x^3 + 3x^2 + x + 3, yaani 1 + 2 = 3. Hata 7 inafuata, 7(x^2 + 1) = 7x^2 + 7, digrii 0 + 2 = 2, safi kabisa. Sasa weka 0. 0(x^2 + 1) = 0, kwa hiyo kama digrii ya 0 ni d inabidi d + 2 = d, na namba ya hivyo haipo. Kuna wanaoipa -1, nayo inagoma hapo hapo, -1 + 2 ni 1 sio -1. Wengine wanaandika -∞, hiyo inakubali kwa sababu -∞ ukiongeza 2 inabaki -∞, ila hiyo ni makubaliano ya kurahisisha sheria, sio kwamba mtu kapima akaipata.

Utakapokutana nayo kweli ni kwenye kugawanya. Gawanya x^2 + 1 kwa x - 1, unapata x + 1 na baki 2. Baki ina digrii 0, ndogo kuliko 1 ya kigawanyo, kwa hiyo unasimama. Sasa gawanya x^2 - 1 kwa x - 1, jibu ni x + 1 tena ila baki ni 0, hapa huna digrii ya kulinganisha na kitu. Ndo maana sheria inaandikwa "baki ni 0, au digrii yake ni ndogo kuliko ya kigawanyo", hicho kipande cha kwanza wengi wanakiruka wakinakili, kumbe kimewekwa kwa ajili ya hii 0 tu.