Sita au kitu? Mnakili wa Baghdad na nukta zake

"Zamani vitabu vikinakiliwa kwa mkono, mnakili akikuta kosa kwenye maneno ambayo kila mtu anayajua, alikuwa anafuta tu au?"

Aaah wapi, kufuta ndo kitu cha mwisho. Twende Baghdad ya miaka ya 900 hivi, soko la warraki, jamaa waliokuwa wananakili na kuuza vitabu na karatasi (waraqa ni karatasi, ndo ukoo mmoja na waraka wetu).

Mchukulie kijana mmoja pale dukani, yeye namtunga mimi ila kosa ni la kweli. Kaletewa daftari la darsa ya msikitini anakili. Anafika kwenye hadithi ya Mtume kuhusu funga ya Shawwal: mwenye kufunga Ramadhani, kisha akaifuatisha na "shai'an" ya Shawwal... kalamu inasimama. Shai'an ni "kitu". Yeye tangu utotoni anasikia "sittan", sita, hiyohiyo sita tunayohesabia sisi hadi leo na tunayofunga baada ya Idi!

Kosa linaingiaje? Ondoa nukta za herufi za Kiarabu uone. Meno matatu ya sini, jino moja, alifu, basi, maneno yote mawili yanakuwa mchoro mmoja. Weka nukta mbili juu ya lile jino umepata sita, weka tatu juu ya sini na mbili chini ya jino umepata kitu. Na waandishi wengi walikuwa wanaruka nukta ili waende mbio. Msomi ad-Daraqutni kasimulia kwamba as-Suli, mwanafasihi mkubwa na bingwa wa sataranji, alilisoma hivyohivyo kimakosa mbele ya watu msikitini, kwa hiyo usimcheke mtu.

Kijana anajihakikishiaje? Kwa hesabu. Jema moja hulipwa kumi, siku 30 zinakuwa 300, siku 6 zinakuwa 60, jumla 360, na hadithi yenyewe inaishia kwamba mtu huyo ni kama kafunga mwaka mzima. Sasa "kitu" utakizidisha vipi?

Ila hakwangui kwa kisu, maana wino ukishakwanguliwa msomaji wa kesho hajui palikuwa na nini na ataanza kukushuku wewe. Anaandika shai'an vilevile kama alivyoikuta, juu yake anachora kichwa cha herufi swadi kilichovutwa, alama inaitwa dhabba, maana yake imepokewa hivi ila ina kasoro, halafu pembeni anaandika sittan.

Kazi ikiisha inakuja mukabala, mmoja anasoma asili kwa sauti mwingine anafuata kwenye nakala. Kila hadithi inaisha na kiduara kitupu, na ikishalinganishwa kinatiwa nukta katikati. Hapo ndo pana utamu, kwa sababu nakala na asili zote zinasema shai'an, zinalingana kabisa, kwa hiyo kiduara cha hadithi ile nacho kinapata nukta yake kama vingine, na anayemwambia msomaji kuna tatizo ni ile dhabba peke yake.