Ufunguo wa ujumbe wako uko kwa nani?

Alama ya kufuli iliyokuwa ikikaa kando ya anwani ya tovuti imewadanganya watu wengi bila kukusudia. Ukiiona, unadhani umehakikishiwa kwamba tovuti ni ya kuaminika, kumbe hata tovuti za matapeli zinayo. Mkanganyiko huo ndio uliofanya Google waiondoe kwenye Chrome mwaka 2023. Kufuli lile lilikuwa na maana finyu: maneno yako yanafichwa yakiwa safarini kutoka kwenye simu hadi kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni. Yakishafika, seva inayafungua na kuyasoma.

Programu ya ujumbe nayo inaweza kufanya hivyo hivyo. Unamwandikia dada yako "Nitafika saa kumi". Maneno yanafungwa, yanafika kwenye seva, yanafunguliwa, yanafungwa upya, kisha yanapelekwa kwake. Mdukuzi wa njiani haambulii kitu, lakini kampuni yenye seva ina uwezo wa kuyasoma. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram yako katika kundi hili, isipokuwa ukifungua mazungumzo ya siri. WhatsApp, tangu mwaka 2016, na Signal hutumia kitu kingine: usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho. Hapo ujumbe unafunguliwa mahali pamoja tu, kwenye kifaa cha aliyeandikiwa.

Swali ambalo huulizwa sana ni hili: kama kampuni haina ufunguo, dada aliupataje? Hakupewa na mtu. Siku alipoweka programu, simu yake ilitengeneza yenyewe makufuli mengi pamoja na funguo zake. Makufuli, yakiwa wazi, yalipelekwa kwenye seva. Funguo zikabaki ndani ya simu. Kufuli lililo wazi halihitaji ufunguo ili lifungwe, unalibana tu. Kwa hiyo unapomwandikia, simu yako inaomba seva kufuli moja la dada, inaweka ujumbe sandukuni na kulibana. Kuanzia hapo hata wewe uliyelibana huwezi kulifungua. (Makufuli haya, kwa kweli, ni namba ndefu sana, lakini mfano unatosha.) Kama simu ya dada imezimwa, utaona tiki moja: sanduku limekaa kwenye seva, na seva haijui kilichomo.

Msomaji makini ameshaona tundu. Makufuli yanagawiwa na seva. Je, ikikupa kufuli la mtu mwingine na kusema ni la dada? Ndiyo sababu kila mazungumzo yana namba ya usalama, ambayo ni tarakimu 60 zilizopangwa kwa mafungu 12 ya tarakimu tano tano, zinazotokana na makufuli ya pande zote mbili. Ukifungua jina la dada na kugusa sehemu ya usimbaji fiche, utaiona. Mkikutana, skani msimbo ulio kwenye simu yake. Mkiwa mbali, mpigie akusomee. Zikilingana zote, hakuna aliyejipenyeza katikati.

Namba hiyo hubadilika. Tuseme asubuhi unakuta taarifa kwamba msimbo wa usalama wa dada umebadilika, na baada ya dakika chache anakuomba umtumie pesa haraka. Mara nyingi mabadiliko hayana ubaya wowote: amenunua simu mpya au amefuta programu na kuiweka upya. Lakini taarifa hiyo hiyo hutokea pia mtu akiiteka namba yake, kwa mfano baada ya kumrubuni amtajie tarakimu sita za SMS. Makufuli sasa ni ya tapeli, na usimbaji unafanya kazi yake barabara: unamfikishia tapeli ujumbe wako kwa siri kabisa. Mpigie dada kwa simu ya kawaida, usikie sauti yake, kabla ya kutuma chochote. Kwenye WhatsApp taarifa hizi huwashwa kwenye mipangilio ya akaunti, na watu wengi hawajawahi kuziwasha.

Tundu jingine ni nakala rudufu. Ujumbe ukishafunguliwa kwenye simu, ukahifadhiwa kwenye akaunti ya mtandaoni bila kufungwa upya, anayeingia kwenye akaunti hiyo anaweza kuufikia. Tangu mwaka 2021 WhatsApp ina chaguo la kuisimba nakala hiyo kwa nywila au ufunguo wa tarakimu na herufi 64. Ukipoteza simu pamoja na nywila au ufunguo huo, kampuni haiwezi kukurudishia mazungumzo yako. Na hata ukiifunga yako, ya dada inaweza kuwa wazi, na ndani yake mna maneno yako yale yale.

Kinachobaki nje ya sanduku kwa kawaida ni bahasha: namba yako, namba ya dada, na saa mliyowasiliana. Seva inahitaji kujua sanduku linapelekwa kwa nani, kwa hiyo kufuli haliifichi bahasha hiyo.